`none`, `quarantine` au `reject`: sera ipi ya DMARC iwekwe kwenye domeni ndogo?

Dalili ya kwanza kwa kawaida huwa ni barua zinazorudi. Unafungua sanduku lako asubuhi na kukuta taarifa kadhaa zinazosema kwamba ujumbe wako haukuwafikia watu ambao hujawahi kuwaandikia, na ukiufungua ujumbe wenyewe unakuta mtumaji ni `info@mradi.example`, yaani anwani yako, ilhali maneno si yako na seva iliyoutuma huijui. Mara nyingi nenosiri halijaibiwa na hakuna aliyeingia kwenye akaunti. Mtu ameandika tu anwani yako mahali pa mtumaji, kama mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha.

Ukitafuta tiba utaelekezwa kwenye rekodi tatu za DNS, ambazo ni SPF, DKIM na DMARC. Mbili za kwanza hazina uamuzi mgumu, kwa kuwa kampuni inayokuhudumia barua pepe hukupa mistari ya kunakili. Ya tatu ndiyo humkwamisha mtu, kwa sababu inamtaka achague sera moja kati ya tatu, na kila moja ina hatari yake. Hapa nazilinganisha sera hizo kwa ajili ya mtu mwenye domeni moja, mwenye watumaji wachache, asiye na fundi wa kumwachia kazi hiyo.

## Kwa nini SPF na DKIM pekee hazimzuii mghushi

Kila barua pepe ina anwani mbili za mtumaji. Ya kwanza hutajwa wakati seva mbili zinapozungumza, kwa amri ya `MAIL FROM`, nayo ndiyo anwani ya bahasha ambako barua iliyokataliwa hurudishwa. Ya pili imeandikwa ndani ya ujumbe, kwenye mstari wa `From:`, nayo ndiyo msomaji anayoiona. Hakuna kanuni inayolazimisha zifanane, na mara nyingi hazifanani kwa sababu halali kabisa: huduma ya kutuma vijarida, kwa mfano, huweka anwani yake kwenye bahasha ili ihesabu yenyewe barua zilizorudi.

SPF hukagua anwani ya bahasha. Rekodi yake ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni hiyo. Mghushi anayelijua hili huweka domeni yake mwenyewe kwenye bahasha, huiwekea SPF sahihi, kisha huandika anwani yako kwenye `From:`. Ukaguzi unapita na msomaji anaona jina lako. DKIM nayo hutia saini kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi uliochapishwa kwenye DNS ya domeni iliyotajwa kwenye saini, penye `d=`. Saini ikipita imethibitisha domeni iliyotia saini, basi. Haisemi kwamba domeni hiyo ndiyo ile ya `From:`, na barua isiyo na saini yoyote haiwi ya kughushi kwa sababu hiyo tu.

DMARC, iliyoelezwa katika waraka wa RFC 7489 wa mwaka 2015, ndiyo inayoziba pengo hilo. Inataka angalau moja kati ya SPF na DKIM ipite, na domeni iliyopita ilingane na domeni ya `From:`. Isipoainishwa vinginevyo, ulinganifu huo ni wa kulegea, yaani domeni tanzu kama `barua.mradi.example` huhesabiwa kuwa imelingana na `mradi.example`. Ikiwa hakuna iliyopita kwa ulinganifu, mpokeaji husoma sera uliyoichapisha na kuona unamwomba aifanye nini barua hiyo. Rekodi zenyewe ni fupi:

```
mradi.example.         TXT  "v=spf1 include:_spf.mtoa.example -all"
_dmarc.mradi.example.  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mradi.example"
```

Sehemu ya `p=` ndiyo tunayoibishania, na `rua=` ni anwani ambako wapokeaji wakubwa watakuletea ripoti, kwa kawaida mara moja kwa siku.

## Vigezo

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni kile kinachoipata barua ya kughushi. Cha pili ni kile kinachoipata barua yako halali iliyoshindwa ukaguzi kwa bahati mbaya, na pamoja nacho swali la kama utajua kwamba imeshindwa. Cha tatu ni kazi ambayo sera inakudai, na cha nne ni mtu inayemfaa. Kigezo cha pili nakipa uzito kuliko vingine, kwa sababu mwenye domeni ndogo hupata hasara kubwa zaidi anapopoteza barua zake bila kujua kuliko anapoghushiwa mara moja moja.

## `p=none`

Barua ya kughushi. Sera hii haimwombi mpokeaji achukue hatua yoyote. Barua itapimwa kwa vichujio vyake vya kawaida, na huenda ikaangukia kwenye folda ya spamu kwa sababu nyingine, lakini DMARC haitakuwa imechangia chochote katika kuizuia. Wapo wenye domeni wanaoweka mstari huu na kuamini kwamba wamekwisha kujikinga, na hilo ni kosa ninalolikuta mara nyingi.

Barua halali iliyoshindwa. Inafika kama ilivyokuwa ikifika jana, na kushindwa kwake kunaandikwa kwenye ripoti. Hakuna sera nyingine inayokuonyesha makosa yako bila kukutoza.

Kazi inayokudai. Ni kusoma ripoti, na bila kusoma ripoti sera hii haina maana. Huja zikiwa mafaili ya XML yaliyobanwa, na kwa domeni ndogo unaweza kuyafungua kwa mkono. Ukitaka zipelekwe kwenye huduma ya nje inayozichambua, domeni ya huduma hiyo ni lazima ichapishe rekodi ya kukubali kupokea ripoti zako, la sivyo watumaji wa ripoti wanaofuata utaratibu hawatazipeleka huko.

Inamfaa nani. Inamfaa asiyejua kwa uhakika ni seva zipi zinatuma kwa jina lake, na hao ni wengi kuliko wanavyodhani. Pia inatosha kwa anayetaka tu kutimiza masharti ambayo Google na Yahoo walianza kuwawekea watumaji wa barua nyingi Februari 2024, kwani masharti hayo yanadai rekodi ya DMARC iwepo na yanakubali hata `p=none`.

## `p=quarantine`

Barua ya kughushi. Mpokeaji anaombwa aitilie shaka, na kwa vitendo hilo humaanisha folda ya spamu. Wasomaji wengi hawataiona. Hata hivyo imo ndani ya sanduku la mtu, na anayepekua spamu akitafuta barua aliyoahidiwa anaweza kuikuta, akaona jina lako na kuiamini.

Barua halali iliyoshindwa. Hapa ndipo sera hii, inayoonekana ya wastani na ya upole, ina ubaya wake. Seva ya mpokeaji huipokea barua yako na kuijibu seva yako kwa namba ya 250, yaani imekubaliwa. Kwako hakuna kinachorudi. Mteja uliyempelekea ankara haoni kitu, nawe unadhani amekaa kimya kwa hiari yake. Ripoti itaonyesha `quarantine` kesho yake, lakini itakupa namba ya seva na idadi ya barua tu, bila majina ya waliokosa kuzipata. Nimejifunza kuihofia sera hii kwa sababu ya ukimya huo.

Kazi inayokudai. Matayarisho yake ni yaleyale ya `reject`, kwa sababu barua iliyo kwenye spamu kwa wengi ni sawa na iliyopotea. Juu ya hayo inakudai uendelee kusoma ripoti kwa makini zaidi, maana ndizo pekee zitakazokuambia kuna kosa.

Inamfaa nani. Inamfaa aliyekwisha kusafisha watumaji wake lakini anashuku kuwa kuna mmoja anayetuma kwa nadra sana, labda mfumo unaotoa taarifa mara moja kwa mwaka, na ambaye wapokeaji wake ni watu anaoweza kuwapigia simu na kuwaambia waangalie spamu.

## `p=reject`

Barua ya kughushi. Inakataliwa wakati seva zikizungumza, kabla haijafika kwenye sanduku lolote, na msomaji hapati hata nafasi ya kuiona. Ni kweli kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mpokeaji: wapo wanaoipeleka kwenye spamu badala ya kuikataa, na seva isiyokagua DMARC kabisa haitafanya lolote.

Barua halali iliyoshindwa. Nayo inakataliwa, ila kwa sauti. Seva iliyotuma hupewa jibu la kundi la 550, mara nyingi likiitaja DMARC kwa jina, na taarifa ya kurudi hupelekwa kwenye anwani ya bahasha. Kama umeandika barua hiyo kwa mkono wako, utajua dakika hiyohiyo kwamba haikufika na kwa nini. Sauti hiyo husikika pale tu ambapo anwani ya bahasha ina mtu anayeisoma. Fomu ya tovuti inayotuma kwa anwani ya seva isiyo na sanduku itakataliwa bila mtu kuambiwa.

Kuna hali moja ambayo sera hii huumiza hata aliyepanga kila kitu sawasawa, nayo ni makundi ya majadiliano ya barua pepe. Kundi hupokea barua yako, huongeza maneno mwishoni au jina la kundi kwenye kichwa, kisha huisambaza kutoka kwenye seva yake. SPF haiwezi tena kulingana na domeni yako, na saini ya DKIM inavunjika kwa sababu maandishi yamebadilika. Aprili 2014 Yahoo walipoweka `reject` kwenye domeni yao, barua za watumiaji wao zilianza kukataliwa kwa wanakikundi kote, na baadhi ya programu za makundi ziliwaondoa wanachama wasio na kosa, zikidhani masanduku yao yamekufa. Tangu hapo programu nyingi hubadilisha mstari wa `From:` ili barua itoke kwa jina la kundi, lakini si zote.

Barua inayoelekezwa tu kutoka sanduku moja hadi jingine bila kubadilishwa iko salama zaidi. SPF itashindwa, kwani seva ya katikati haimo kwenye orodha yako, lakini saini ya DKIM huendelea kusimama, na DMARC inahitaji moja tu. Ndiyo maana nashauri mtu asipande zaidi ya `none` akiwa na SPF peke yake.

Kazi inayokudai. Kazi kubwa iko kabla ya kuiweka. Baada ya hapo unachotakiwa kukumbuka ni kwamba kila huduma mpya itakayotuma kwa jina lako ipangiwe saini kabla ya barua yake ya kwanza.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye watumaji anaoweza kuwahesabu kwa vidole, wote wakiwa na DKIM iliyolingana, na kwa namna ya pekee domeni isiyotuma barua kabisa.

## Ripoti moja, watumaji watatu

Tuichukue `mradi.example` iliyokaa kwenye `none` kwa majuma kadhaa. Mwenyewe anaamini ana mtumaji mmoja tu, kampuni ya barua pepe. Ripoti ya siku moja ina seva nne, na mojawapo inaonekana hivi:

```
<source_ip>203.0.113.40</source_ip>
<count>212</count>
<policy_evaluated>
  <disposition>none</disposition>
  <dkim>fail</dkim>
  <spf>fail</spf>
</policy_evaluated>
```

Kwa haraka mtu angesema barua hizo 212 ni za mghushi. Chini kidogo, kwenye sehemu ya `auth_results`, inasomeka kwamba DKIM imepita kwa domeni ya `jarida.example` na SPF imepita kwa `bounce.jarida.example`. Maana yake ukaguzi wenyewe ulifaulu, ila kwa jina la mtu mwingine. Kilichokosekana ni ulinganifu. Hii ni huduma ya vijarida aliyoifungua mwenyewe mwaka uliopita na kuisahau, na kama angekuwa kwenye `quarantine`, kijarida chote kingeishia kwenye spamu. Marekebisho yanafanyika kwenye mipangilio ya huduma hiyo, penye kuthibitisha domeni: humpa rekodi mbili au tatu za kuweka kwenye DNS, na tangu hapo barua zinatiwa saini kwa `d=mradi.example`. Kuiongeza huduma hiyo kwenye SPF hakungesaidia chochote, kwa kuwa bahasha bado ina domeni yake. Wengi hukosea hapo, na hata maelezo ya baadhi ya huduma huwaelekeza hivyo.

Seva ya pili, 198.51.100.25, imetuma barua 6. Haina DKIM, na SPF imepita kwa domeni ya kampuni inayohifadhi tovuti. Hiyo ni fomu ya mawasiliano. Tiba yake ni kuifanya tovuti iingie kwenye kampuni ya barua pepe kwa jina la mtumiaji na nenosiri na kutuma kupitia huko, ili ipate saini ileile. Akiwa hapo aangalie pia fomu inaandika nani kwenye `From:`. Fomu nyingi huweka anwani ya mgeni aliyeijaza, na hilo ni kughushi domeni ya mgeni huyo. Kama domeni yake ina `reject`, ujumbe wake hautafika. Anwani ya tovuti ndiyo ikae kwenye `From:`, na ya mgeni iwekwe kwenye `Reply-To:`.

Ya tatu, 192.0.2.10, ni kampuni ya barua pepe, na imepita pande zote. Ya nne ina barua 37, haina saini, na SPF imeshindwa au imepita kwa domeni ambayo mwenyewe hajawahi kuisikia. Huyo ndiye mghushi, na hana cha kurekebishiwa. Mwenye domeni anajua yuko tayari kupanda ngazi pale ambapo, kwa mwezi mzima hivi, wanaoshindwa kwenye ripoti ni wa aina ya huyu wa nne tu. Nasema mwezi kwa sababu ankara na vijarida vingi huenda kwa mzunguko wa mwezi, na juma moja la ukimya halithibitishi kitu.

Anapoongeza huduma kwenye SPF akumbuke kwamba rekodi hiyo hairuhusiwi kuzidi maulizo 10 ya DNS, na kila `include:` huhesabiwa pamoja na yaliyomo ndani yake. Ikizidi, au rekodi za SPF zikiwa mbili kwenye domeni moja, mpokeaji huihesabu yote kuwa ina kosa.

## Uchague ipi kwa hali yako

Kama domeni yako haitumi barua kabisa, labda umeinunua kulinda jina au ina tovuti tu, hakuna cha kungojea. Weka mistari hii miwili leo:

```
@       TXT  "v=spf1 -all"
_dmarc  TXT  "v=DMARC1; p=reject"
```

Kama unatuma kupitia kampuni moja tu ya barua pepe, huna kijarida na tovuti yako haina fomu, washa DKIM, tuma barua kwenye sanduku lako la huduma nyingine, kisha fungua vichwa vya barua hiyo na utafute `dmarc=pass` na `d=` yenye domeni yako. Ukishasoma ripoti za mwezi mmoja ukiwa kwenye `none`, unaweza kwenda moja kwa moja hadi `reject`. Kwa domeni ya aina hii sioni faida ya kupitia `quarantine`.

Kama una huduma kadhaa zinazotuma kwa jina lako, kaa kwenye `none` hadi kila moja iwe na saini iliyolingana, hata ikichukua miezi. Ikiwa mojawapo haiwezi kabisa kutia saini kwa domeni yako, ipe anwani ya domeni tanzu yenye rekodi yake ya DMARC, ili udhaifu wake usikuzuie kuilinda domeni kuu. Domeni tanzu isiyo na rekodi yake hufuata sera ya domeni kuu, au ile ya `sp=` ikiwepo.

Njia hiyohiyo inamfaa anayeshiriki katika makundi ya majadiliano: aandike huko kwa anwani ya domeni tanzu iliyo kwenye `none`, na domeni kuu ibaki na `reject`.

Kama unachokabiliana nacho ni mtu aliyesajili domeni inayofanana na yako kwa herufi moja, au anayeandika jina lako la kuonyeshwa huku anwani ikiwa ni yake, hakuna sera kati ya hizi tatu itakayomgusa, kwa kuwa DMARC hukagua domeni ya `From:` kama ilivyoandikwa. Huyo analalamikiwa kwa msajili wa domeni hiyo au kwa huduma ya barua anayoitumia.

Na kama unaghushiwa sasa hivi, barua zinarudi kwa mamia na bado hujui watumaji wako wote, shusha kwanza muda wa kuhifadhiwa wa rekodi ya `_dmarc` hadi sekunde 300, na usubiri muda wa zamani uishe. Weka `none` yenye `rua=` kwa siku chache, rekebisha mtumaji mkubwa wa halali anayeonekana kwenye ripoti, kisha panda hadi `reject` huku ukiwaomba watu wako wakuambie mara moja kila barua inayowarudia. Ikirudi ya halali, badilisha neno moja kwenye rekodi, na kwa muda ule wa sekunde 300 wapokeaji wengi watakuwa wameisoma sera mpya ndani ya dakika chache.